Dada yake amefariki wakiwa hawasemeshani. Nimfariji vipi mke wangu?

Mshauri, habari za kazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 43, naishi Mbagala na mke wangu na watoto wetu watatu. Nakuandikia habari za mke wangu, ingawa mwenyewe hajui.

Mwezi uliopita alifiwa na dada yake wa tumbo moja. Walikuwa hawasemeshani, mwaka wa pili huu. Ugomvi ulianzia kwenye nyumba ya urithi iliyoko Tandika. Dada mtu ndiye aliyekuwa msimamizi wa mirathi na ndiye aliyepokea kodi za wapangaji, na mke wangu akawa haoni hesabu. Siku moja kwenye shughuli ya ndugu yao, mbele ya wakwe, akamwambia, "Unakula kodi ya marehemu baba bila hata aibu." Dada mtu akachukua mkoba wake akaondoka, na tangu hapo kila mtu na lake. Idd iliyopita dada alimtumia ujumbe: "Idd Mubarak mdogo wangu. Leo nimepika tambi kama za mama." Mke wangu aliusoma, hakujibu.

Baadaye dada akalazwa kwa presha na figo. Mke wangu alipata habari. Akasema, "Mara zote hulazwa na kutoka, na hii atatoka." Alituma 150,000 kupitia kaka yao, akamkataza asiseme zimetoka kwake. Alipanga akiruhusiwa amfuate nyumbani. Hakuruhusiwa.

Matangani mke wangu hakutoa chozi, na ndugu wakaanza kunong'ona. Sasa usiku analia, anausoma ule ujumbe wa tambi. Nilimwambia, "Usijilaumu, ni mipango ya Mungu, na huko aliko ameshakusamehe." Akanigeukia kwa ukali: "Umejuaje?" Kuanzia siku ile haniambii tena lolote kuhusu dada yake.

Shangazi yao anataka binti mkubwa wa marehemu, aliyemuuguza mama yake, amwambie mke wangu kwamba marehemu alimsamehe kabla ya kukata roho. Anasema uongo wa kupatanisha dini imeuruhusu. Nikamfuata binti faragha. Akaniambia ukweli: alimuuliza mama yake, "Nimwite mama mdogo?" Akajibu, "Bado kwanza." Basi, hawakulizungumza tena. Sasa siri hiyo ninayo mimi. Arobaini ni wiki ijayo na mke wangu anasema haendi. Nifanye nini?

Mume, Mbagala

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu, pole, na umfikishie mkeo pole zangu bila kumwambia zimetoka wapi. Pole nyingine ni yako mwenyewe, maana katika barua nzima hukutaja hata mara moja kwamba na wewe umefiwa na shemeji.

Nianze na lile swali la "Umejuaje?" Wewe umelisikia kama ukali. Mimi nalisikia kama swali halali kabisa. Mkeo kila usiku anatafuta ushahidi wa jambo moja: dada yake aliondoka na moyo gani juu yake? Wewe ukampa jibu bila ushahidi. Maneno kama "ameshakusamehe" ndiyo yanayotoka mdomoni haraka kuliko yote kwenye msiba wa aina hii, na mara nyingi humwacha mfiwa peke yake zaidi, kwa sababu yanamsemea mtu asiyeweza tena kujisemea, tena katika jambo lile lile ambalo hakulisema. "Usijilaumu" nalo lina shida yake. Anayeambiwa hivyo haachi kujilaumu. Anaacha kukueleza.

Mlango ulifungika hapo, nadhani utafunguka hapo hapo. Subiri wakati mko wawili na watoto wamelala, umwambie, "Siku ile uliponiuliza nimejuaje, ulikuwa na haki. Sijui. Nilitaka tu uache kulia." Kisha unyamaze. Huenda asijibu siku hiyo. Usiongeze maneno ya kujaza kimya, na usichukue simu. Mfiwa aliyekwisha kukatwa kauli mara moja hujaribu kwanza kwa maneno madogo, pengine ya tambi au ya mama yao, kuona kama utamkimbiza tena kwenye mipango ya Mungu.

Akianza kusema, jiandae kusikia usiyoyategemea. Barua yako inamwelezea kama mtu mwenye majuto. Je, una hakika ni majuto peke yake? Kwetu mtu akishafariki hasemwi vibaya, na ni desturi nzuri, lakini humwacha mtu aliyegombana na marehemu bila mahali pa kuweka hasira yake. Hesabu ya kodi ya Tandika mpaka leo hajaiona. Inawezekana kabisa kwamba anampenda dada yake, anamlilia, na bado amemkasirikia kwa ile kodi na kwa kuondoka kabla hawajamalizana. Inawezekana pia kwamba matangani hakulia kwa sababu hiyo: wote mle ndani walikuwa wakimsifu mtu mmoja, yeye akimjua mtu mwingine pia. Akikuambia, "Lakini dada alinidhulumu," usimwambie "Astaghafiru, marehemu huyo." Usimtetee shemeji, wala usimuunge mkono mkeo kwa kuleta madai mengine. Uliza tu, "Ilikuuma wapi zaidi?" Mtu akiruhusiwa kuikasirikia maiti yake, ndipo huweza kuililia.

Sasa hatia yenyewe. Hapa huwa siharakishi, kwa sababu ndani yake kuna vitu viwili vilivyochanganyika na kila kimoja kinahitaji jibu lake. Namna tunayoitumia sisi washauri ni kumwomba mfiwa ataje alichokifanya na asichokifanya, kimoja kimoja, bila kumpinga, kisha kumuuliza siku ile alikuwa anajua nini. Kwa mkeo mazungumzo yanaweza kwenda hivi. Atasema, "Sikwenda hospitali." Muulize, "Siku ulipoamua kutokwenda, ulikuwa unajua nini?" Atakuambia alijua dada amelazwa, na kwamba kila akilazwa hutoka. "Ulipanga nini?" Alipanga kumfuata nyumbani. "Ulifanya nini kingine?" Alituma 150,000. Unaona hapo? Leo anajihukumu kama mtu aliyejua kwamba ile ndiyo safari ya mwisho, na habari hiyo siku ile hakuwa nayo mtu yeyote, hata pengine madaktari. Usimwambie wewe hitimisho hilo. Likitoka kinywani mwako ni faraja nyingine ya bure, lakini akilifikia mwenyewe kwa kujibu maswali linakaa.

Ukimaliza kuuliza hivyo, kitabaki kitu. Kwa jinsi ulivyoandika, naona kitabaki kile kilichosemwa mbele ya wakwe. Hilo halitokani na kutojua. Alijua, alisema, na dada aliondoka na mkoba wake. Hapa ndipo wafariji wengi huharibu, kwa kuipunguza hata hatia ya kweli: "Ah, kila mtu hugombana." Mkeo anajua halikuwa dogo, na ukilifanya dogo atakuona humwelewi. Mwache aliseme kwa uzito wake. Unaweza kumwambia, "Ndiyo, lile lilimuumiza." Najua ni maneno magumu kumwambia mke anayelia, lakini akisikia hayo kwako ndipo atakapoweza kukuamini utakapomwambia mengine.

Kwa hatia ya kweli, kinachosaidia zaidi ya maneno ni tendo, na dini yenu ina njia zake: dua, sadaka kwa niaba ya marehemu, na kuunga udugu na watu wake. Wapo pia masheikh wanaofundisha kwamba ukimvunjia mtu heshima mbele za watu na hukuwahi kumtaka radhi, umtaje kwa wema wake pale pale ulipomtaja kwa ubaya. Waulizeni sheikh wa msikiti wenu, mimi si wa kufutu. Lakini kwa upande wa nafsi naiona njia ile ina maana sana, kwa sababu inalirudia kosa mahali lilipofanyika. Wale wakwe bado wapo. Huenda siku moja mkeo akataka kuwaambia watu wawili watatu kati yao kwamba siku ile alimkosea dada yake, kwamba hata kama hesabu ilikuwa na tatizo, pale hapakuwa mahali pake. Iwe siku atakayoichagua mwenyewe.

Wapo wafiwa wanaosaidika kwa kumwandikia marehemu barua na kuisoma kwa sauti, na ndani yake wanaweka hasira na radhi pamoja. Mkeo ana bahati ya kuwa na mahali pa kuanzia: ule ujumbe wa Idd haujajibiwa. Akitaka kuujibu sasa, kwenye karatasi, mpe nafasi na usiombe kuusoma. Na kama umewahi kufikiri kuufuta ili aache kulia, nakusihi usiufute. Piga picha ya kioo uihifadhi, simu huibiwa. Katika yote uliyoniandikia, huo ndio ushahidi pekee wa maandishi kwamba dada yake, katikati ya ugomvi, bado alimwita mdogo wangu.

Nije kwa shangazi. Simlaumu. Shangazi hakuyatunga, ipo hadithi mashuhuri kwamba anayepatanisha watu si mwongo. Kama inafika mpaka hapa, msikilizeni sheikh. Mimi natazama yatakayofuata, na naomba uyatazame nawe. Siku binti atakaposema, "Mama alikusamehe," mkeo hataishia kwenye kushukuru. Atauliza: siku gani? Saa ngapi? Alisemaje hasa? Nani mwingine alikuwepo? Kwa nini hukuniita? Kila swali litahitaji uongo mwingine, na anayetakiwa kuutunga ni binti aliyemfunga mama yake macho juzi tu, ambaye naye ana msiba wake. Tena jibu la "kwa nini hukuniita" likiwa la uongo, binti atabeba lawama isiyo yake. Wanaoujua uongo huo tayari ni watatu. Familia zetu unazijua, neno kama hilo hutoka siku ya kugombania jambo jingine. Likitoka, mkeo atakuwa amepoteza faraja, amempoteza binti, na ataanza kukutilia shaka wewe.

Upo upande wa pili, nisiufiche. Kuna watu wameishi miaka na uongo wa namna hii na ukawatuliza, na walioutunga hawakujuta. Siwezi kukuambia haitakuwa hivyo kwenu. Ninachoona ni kwamba mke wako ni mtu wa kudai hesabu. Ndivyo alivyo, na ndiyo iliyoleta ugomvi.

Basi lile la kweli, "Bado kwanza," ufanye nalo nini? Naona umelipokea kama hukumu: hakumtaka mpaka anakufa. Lisome tena. Aliyefunga moyo husema "Usimwite," au "Huyo si ndugu yangu." Huyu alisema bado. Huenda na yeye alikuwa akifikiri atatoka, kama mdogo wake alivyofikiri. Huenda alitaka kwanza awe na nguvu ya kukaa kitako. Huenda pia bado alikuwa na kinyongo, hatujui, na mimi nisikufanyie yale yale niliyoyakosoa kwa kumsemea marehemu.

Sidhani neno hilo ni la kumpelekea mkeo wiki hii akiwa halali. Lakini pia silioni kama siri ya kufa nayo, hasa kwa kuwa binti analijua na siku moja linaweza kumponyoka. Ukilisema, hatari ni kwamba atalishika upande wake mchungu na kuutafuna. Ukilificha, hatari ni kwamba atalisikia kwa mwingine na kuuliza ulianza kulijua lini. Baina ya hapo kuna njia ya kungoja swali. Siku mkeo atakapouliza mwenyewe, "Hivi dada aliwahi kunitaja?", itakuwa dalili kwamba yuko tayari kusikia kitu. Hapo usilitafsiri. Mwambie binti ana jambo la kumweleza, waketi wawili, na aambiwe maneno kama yalivyokuwa, pamoja na lile swali la binti. Muulize binti kwanza kama yuko radhi, maneno ni ya mama yake.

Kuhusu arobaini, kwa nini haendi? Umemuuliza? Kuna asiyekwenda kwa sababu anaogopa vijembe vya ndugu, kuna asiyekwenda kwa sababu hajioni anastahili, na kuna aliyechoka tu kutazamwa kama analia au halii. Cha kufanya kinategemea ni lipi. Kama ni vijembe, kuna njia ya kwenda bila kukaa kwenye mkeka mbele ya watu. Afike mapema asubuhi, aingie uani kwenye kuchambua mchele na kukata vitunguu, ambako mikono ina kazi na hakuna anayempima machozi. Kaka yao, ambaye anajua habari ya zile 150,000, awe karibu. Wewe ubaki na simu mkononi, mkubaliane neno moja ambalo akikuandikia unamfuata mwondoke, bila maswali na bila kuaga watu wote. Kama hajioni anastahili, pengine aende siku mbili kabla, awaone watoto wa marehemu kimya kimya, hata kuwapikia chakula kimoja, halafu ya arobaini yenyewe aamue baada ya hapo. Na akibaki kwenye kutokwenda, basi aombe dua nyumbani, nawe uende kwa niaba yenu. Ubaya wa kutokwenda unaujua, watasema. Ubaya wa kumlazimisha ni mkubwa zaidi machoni pangu, maana akiporomoka mbele ya wale wale waliomnong'ona, itakuwa kumbukumbu ya pili ya kubeba.

Jambo moja hukuliuliza, na nalihofia. Ile nyumba ya Tandika sasa haina msimamizi. Msimamizi wa mirathi akifariki, warithi hukutana kupendekeza mwingine na kwenda mahakamani athibitishwe, kwa hiyo mazungumzo ya nyumba na kodi yatarudi upesi kuliko mnavyodhani, safari hii watoto wa marehemu wakisimama upande wa mama yao. Mtu mwenye hatia ni rahisi sana kusema, "Chukueni yote, mimi sitaki kitu," akatia saini, na baada ya mwaka akajikuta ana uchungu mpya na watoto wa dada yake. Na kinyume chake, anaweza kukataa hata kukaa kikao. Mwombe asitie saini yoyote kwa sasa, wala asikubali kubebeshwa usimamizi mpaka miezi kadhaa ipite. Akitaka baadaye kuwaachia watoto sehemu yake kwa moyo mweupe, haki yake hiyo haitakwenda popote.

Kulia usiku mwezi mmoja baada ya msiba si ugonjwa. Shirika la Afya Duniani hulihesabu kuwa tatizo la kitabibu pale huzuni kali inaposhikilia kwa zaidi ya miezi 6, ikipita hata kiasi cha desturi za watu wake, na kumzuia mtu kuishi maisha yake ya kila siku. Lakini yapo ambayo hayangojei muda wowote: akiacha kula kwa siku kadhaa, akianza kusema heri angekufa yeye au anataka kumfuata dada akamtake radhi, akianza kugawa vitu vyake. Ukisikia kauli ya kumfuata, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu zilizomo ndani, na mpeleke hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo. Kwa hapa Dar, Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili, na kutoka Mbagala hospitali ya rufaa ya Temeke iko njiani.

Kwa shangazi, ukitaka neno la kumpelekea, mwambie umemsikia na unamshukuru kwa kumwonea huruma mkeo, na umwombe jambo jingine badala ya lile. Yeye aliwaona hawa wawili wakikua. Aje nyumbani siku moja, jioni, amsimulie mkeo walivyokuwa wadogo, pamoja na ugomvi wao wa utotoni na namna walivyokuwa wakipatana. Hayo anayajua kwa macho yake, na mkeo akimuuliza amejuaje, atakuwa na la kumjibu.